Mota ya chuma kitupu na kelele zake

Ukifungua mota ya umeme ya kawaida, kipande kinachozunguka, yaani rota, karibu kila mara kina kitu cha ziada juu ya chuma chake. Katika mota za mashine za kusaga unga na pampu za maji kuna fito za alumini zilizomiminwa ndani ya chuma. Katika drili ya mkono kuna koili za shaba na komuteta inayosuguliwa na brashi za kaboni hadi brashi zinaisha. Katika pikipiki ya umeme kuna sumaku za kudumu zilizopangwa kwa mduara. Ipo mota moja ambayo rota yake haina chochote kati ya hivyo. Ni mabati membamba ya chuma yaliyokatwa kwa umbo la gurudumu lenye meno, yakapangwa moja juu ya jingine na kubanwa kwenye shafti. Haina waya, haina sumaku, haina brashi. Mafundi huiita mota ya ukinzani wa sumaku, na kwenye vibao vyake utaona herufi SR.

Mota hii ni ngumu kuliko nyingi, na ni rahisi kutengeneza. Lakini inapiga kelele. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kelele ni kasoro ya kiwanda, jambo litakalorekebishwa kwa beringi bora au boliti zilizokazwa vizuri. Sivyo. Kelele yake inatoka mahali palepale inapotoka nguvu yake, na ndiyo maana wahandisi wamehangaika nayo kwa miaka mingi.

Tuanze na jinsi inavyozunguka. Sumaku huvuta chuma, na chuma kikiwa huru kusogea hukaa pale ambapo sumaku hupita kwa urahisi zaidi. Hewa huipinga sumaku kwa kiasi kikubwa sana na chuma huipinga kidogo. Kwa hiyo jino la chuma likiwa pembeni ya sumaku-umeme, litavutwa mpaka litazamane nayo uso kwa uso, huku kati yao kukiwa na mwanya mdogo kabisa wa hewa. Likishafika hapo halina tena sababu ya kusogea. Mota hii yote imejengwa juu ya mvuto huo mmoja: vuta jino mpaka lifike, kata umeme kabla halijapita, kisha vuta jino jingine.

Chukua mota ya mfano inayotumika sana kufundishia, yenye meno sita kwenye stata, ile sehemu ya nje isiyozunguka, na meno manne kwenye rota. Kila jino la stata limevishwa koili yake. Koili zinazotazamana zimeunganishwa pamoja, kwa hiyo tuna jozi tatu: A, B na C. Meno ya stata yameachana kwa nyuzi 60 na ya rota kwa nyuzi 90. Tofauti hiyo ya nafasi ndiyo inayoiendesha mota. Meno mawili ya rota yakiwa yametazamana na jozi A, mengine mawili yako nyuzi 30 mbali na jozi B. Ukizima A na kuwasha B, rota inageuka nyuzi 30. Ukizima B na kuwasha C, inageuka nyuzi 30 nyingine, kisha A tena. Kwa mivuto 12 rota inakamilisha mzunguko mmoja. Ukichora kwenye karatasi utaona jambo linalowashangaza wengi: umeme unahama kutoka A kwenda B kwenda C upande mmoja, nayo rota inazunguka upande wa pili.

Tena mwelekeo wa mkondo ndani ya koili haujalishi, kwa sababu chuma huvutwa na ncha zote mbili za sumaku. Kinachojali ni wakati. Jino likishatazamana na koili, mkondo wowote uliobaki unalivuta kurudi nyuma, na mota inajifunga breki yenyewe. Hapo pana ugumu, kwa kuwa koili haikubali mkondo wake kukatwa ghafla, na inakuwa kaidi zaidi meno yanapotazamana. Mota ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mzima huchukua milisekunde 20, na mvuto mmoja wa nyuzi 30 huchukua chini kidogo ya milisekunde 1.7. Ndani ya muda huo mkondo lazima upande, ufanye kazi, kisha ushuke hadi sifuri. Kwa hiyo kidhibiti lazima kijue wakati wote rota iko wapi, na kianze kukata kabla meno hayajafika. Huwezi kuichomeka mota hii moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani ikazunguka. Bila kidhibiti na kihisi cha nafasi, itatikisika tu mahali pake.

Ndiyo sababu ilichelewa mno kuenea, ingawa wazo lake ni miongoni mwa mawazo ya kale kabisa katika historia ya mota. Robert Davidson, Mskoti wa Aberdeen, alitengeneza mota za aina hii mwishoni mwa miaka ya 1830: fito za chuma zilizofungwa kwenye pipa la mbao, zikivutwa kwa zamu na sumaku-umeme. Mwaka 1842 garimoshi lake lililoendeshwa kwa betri lilijaribiwa kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow, likaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kukata mkondo alitegemea swichi za kimakanika zinazogusana na kuachana, na kila zikiachana, nguvu iliyohifadhiwa kwenye koili ilitoka kama cheche. Hakukuwa na njia ya kuiokoa nguvu hiyo wala kuipanga vizuri. Iliyobadilisha mambo ni transista na diodi. Mwaka 1980 Peter Lawrenson wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, ikiwa na elektroniki inayofaa, mota hii inaweza kushindana na mota za kawaida za viwandani kwa nguvu na kwa matumizi ya umeme. Tangu hapo haikuwa tena kitu cha makumbusho.

Sasa tazama ugumu wake. Joto kubwa katika mota hutoka kwenye shaba inayobeba mkondo, na hapa shaba yote iko nje, kwenye stata, iliyogusana na ganda linaloweza kupozwa kwa hewa au maji. Rota inapata joto kidogo tu la chuma chenyewe, na hata ikipata moto hakuna cha kuharibika juu yake. Sumaku za kudumu za neodimiamu hudhoofika joto likipita kiwango chake, na zikishadhoofika hazirudi zenyewe. Chuma hakina shida hiyo. Wala hakuna kitu kilichobandikwa au kufungwa juu ya rota ambacho kasi inaweza kukirusha.

Fundi anayesuka mota atapenda zaidi koili zake. Katika mota ya kawaida ya viwandani koili hupita juu ya nyingine kutoka mfereji hadi mfereji, waya za fezi tofauti zikipishana kwenye ncha za stata, na hapo ndipo insulesheni huchubuka na shoti huanzia. Katika mota hii kila koili imezunguka jino lake peke yake. Unaweza kuisuka pembeni kwenye kibao, kisha ukaivisha kwenye jino. Ikiungua moja, unaitoa hiyo moja.

Hata upande wa elektroniki kuna usalama usioonekana mara ya kwanza. Kidhibiti cha mota za kawaida huwa na swichi mbili zilizofuatana moja kwa moja kati ya chanya na hasi. Zikiwaka pamoja kwa bahati mbaya, umeme unapita bila kizuizi na swichi zinalipuka. Katika mota hii koili yenyewe imekaa kati ya swichi mbili, moja juu na moja chini. Zikiwaka zote mbili, hiyo ndiyo kazi yake ya kawaida. Zikizimwa zote, diodi mbili zinaurudisha mkondo kwenye chanzo cha umeme, na ile nguvu iliyokuwa cheche kwa Davidson sasa inaokolewa. Jozi moja ikifa kabisa, zilizobaki zinaendelea kuzungusha, ingawa kwa mitikisiko, na mota ikisimama mahali pabaya inaweza kushindwa kuanza tena. Na kwa kuwa rota haina sumaku, umeme ukikatwa inazunguka kama gurudumu lolote, bila kujizalishia mkondo ndani ya koili iliyopata shoti.

Basi kelele inatoka wapi?

Jino la rota linapovutwa na jino la stata, mvuto huo una sehemu mbili. Sehemu moja inalivuta jino kuelekea mbele, nayo ndiyo inayozungusha shafti. Sehemu ya pili inalivuta kuelekea nje, kwa lengo la kuliziba pengo la hewa kati ya meno mawili. Hiyo ya pili haizungushi chochote, lakini ni kubwa kuliko ya kwanza, na inakuwa kubwa kabisa pale meno yanapotazamana kikamilifu, wakati ambapo nguvu ya kuzungusha imekwisha. Tunaweza kuipima. Sumaku yenye nguvu ya tesla 1.6 kwenye mwanya wa hewa, kiwango cha kawaida kwa mota hizi, huvuta kwa karibu uzito wa kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Tuseme uso wa jino ni sentimita 2 kwa 6, yaani sentimita 12 za mraba. Jino hilo linavutwa ndani kwa nguvu ya kilo 120 hivi, na jino la upande wa pili linavutwa vivyo hivyo. Rota haipindi kwa sababu mivuto miwili inalingana. Lakini stata inabanwa kutoka pande mbili, na pete yake ya chuma inakuwa yai kidogo. Umbo linabadilika kwa sehemu ndogo mno ya milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Sikio linasikia.

Kubanwa pekee kusingekuwa tatizo kubwa kama kungekuja na kuondoka taratibu. Lakini tumeona kwamba mkondo lazima ukatwe haraka, na lazima ukatwe wakati meno yanakaribia kutazamana, yaani pale ambapo mbano ni mkali kuliko wakati mwingine wote. Pete iliyokuwa imebanwa inaachiliwa ghafla na kutetemeka kwa masafa yake ya asili. Ganda la mota linautoa mtetemo huo hewani. Mwaka 1992 Cameron, Lang na Umans wa MIT huko Marekani walichapisha majaribio yaliyochambua vyanzo mbalimbali vya sauti katika mota ya namna hii, wakathibitisha kwamba chanzo kikuu ni huku kubonyea kwa stata, hasa mtetemo wake wa umbo la yai. Watu wengi walikuwa wakiilaumu nguvu ya kuzungusha inayopanda na kushuka kati ya mvuto na mvuto. Hiyo nayo ipo, nayo hutikisa shafti na mashine iliyounganishwa nayo hasa kwa mwendo mdogo, lakini ule mlio mkali si wake.

Tuifuate mota yetu ya mfano. Tuseme pete yake hutetemeka kwa umbo la yai mara 2,000 kwa sekunde. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, rota inazunguka mara 50 kwa sekunde, na kila jozi inavuta mara nne kwa kila mzunguko, yaani mara 200 kwa sekunde. Elfu mbili ukigawa kwa mia mbili unapata kumi kamili. Kila pigo jipya linaikuta pete ikiwa katika hatua ileile ya mtetemo wake, baada ya mitetemo kumi, na linauongezea. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: si lazima umsukume kila anaporudi, lakini ukimsukuma kila mara ya kumi kwa wakati ule ule, bembea haitasimama. Pandisha mwendo kidogo, hadi mizunguko 3,150 hivi, na mapigo yanaacha kukubaliana na pete, sauti inashuka. Endelea hadi 3,750, ambapo mgawanyo unatoa nane kamili, na mlio unarudi. Kwenye 6,000 mgawanyo ni tano: mapigo yako karibu zaidi, pete haipati nafasi ya kutulia, na mlio ni mkali zaidi.

Hii inampa fundi njia ya kutambua anachosikia. Akiongeza mwendo polepole na mlio ukapanda pamoja nao, anasikia mapigo yenyewe. Mlio ukibaki na sauti ileile, ukivuma kwenye miendo fulani na kufifia kwenye mingine, huo ni mtetemo wa asili wa stata au ganda. Kipimo kingine ni rahisi zaidi: aifikishe mota kwenye kasi, kisha akate umeme. Sauti ya sumaku inakufa papo hapo. Ikibaki sauti huku rota ikiendelea kuzunguka, hiyo ni ya beringi, au ya meno ya rota yanayoipiga hewa, kwani kwenye kasi kubwa meno hayo hupuliza kama feni. Beringi zisipuuzwe hapa. Mwanya wa hewa katika mota ndogo huwa karibu theluthi ya milimita tu. Beringi ikilika na rota ikasogea upande hata kwa sehemu ndogo ya mwanya huo, mivuto miwili iliyokuwa ikilingana haiko sawa tena. Upande uliokaribia unavuta zaidi, shafti inapigwa upande mmoja, na beringi inazidi kulika.

Tiba zipo, na kila moja ina gharama yake. Pete nene ya stata hubonyea kidogo, lakini huongeza uzito na ukubwa. Mwanya mpana wa hewa hupunguza mbano, lakini hupunguza pia nguvu ya kuzungusha. Wengi hutumia meno 12 kwenye stata na manane kwenye rota, ili kila mvuto ubane pete kwenye sehemu nne badala ya mbili. Pete ya chuma hukubali kuwa yai kwa urahisi kuliko kukunjwa kwenye pembe nne, kwa hiyo mtetemo ni mdogo. Hasara yake ni kwamba rota yenye meno mengi inahitaji kila jozi iwashwe na kuzimwa mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na swichi na chuma vinapata joto zaidi.

Tiba ninayoiona ya werevu kuliko zote haigusi chuma hata kidogo. Ilichunguzwa na Charles Pollock na C. Y. Wu katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, katika miaka ya 1990. Badala ya kuzima swichi mbili za koili kwa pamoja, kidhibiti huzima moja kwanza. Mkondo unaanza kushuka polepole, na pete inapata pigo la kwanza, dogo. Kisha kidhibiti kinasubiri nusu ya mtetemo mmoja wa pete, ndipo kinazima swichi ya pili. Pigo la pili linaikuta pete ikielekea upande wa pili, na linaufuta mtetemo wa pigo la kwanza. Hakuna kifaa kipya cha kununua. Swichi na diodi ni zilezile, kinachobadilika ni maagizo ndani ya kidhibiti.

Kwa mota yetu, nusu ya mtetemo ni robo ya milisekunde. Kwenye mizunguko 3,000, rota hugeuka nyuzi 4.5 katika muda huo, sehemu inayovumilika ya mvuto wa nyuzi 30. Kwenye 6,000 muda uleule ni nyuzi 9. Mkondo uliochelewa kiasi hicho unaanza kuvuta meno nyuma, kwa hiyo lazima uanze kukata mapema zaidi na nguvu inapungua. Tena hila hii hufuta mtetemo mmoja tu uliouchagua. Pete ina mitetemo mingine, ganda lina yake, vifuniko vya ncha vina vyake.

Kwa sababu hizo mota hii imepata makazi mahali ambapo ugumu wake unahitajika na sauti yake haimsumbui mtu. Shoveli kubwa za magurudumu za migodini zilizobuniwa na kampuni ya LeTourneau ya Longview, Texas, ambazo sasa ziko chini ya Komatsu, huzungusha magurudumu kwa mota za namna hii. Injini ya dizeli inazalisha umeme, na kila gurudumu lina mota yake. Dereva akipunguza mwendo, mota hugeuka jenereta na kurudisha nguvu kwenye mfumo. Mashine hizo hufanya kazi kwenye vumbi na joto, zikianza kusukuma rundo la mawe kutoka kusimama kabisa, na kando ya injini ya dizeli mlio wa stata haumshughulishi yeyote. Caterpillar nao wametumia mota hizi kwenye tingatinga lao la D6 XE.

Kwenye gari dogo la umeme hali ni tofauti. Hakuna injini ya kuufunika mlio, na abiria amekaa karibu na mota. Watengenezaji wengi wa magari wamechagua mota za sumaku za kudumu, ingawa sumaku hizo hutegemea madini adimu ambayo sehemu kubwa husafishwa China, na bei yake iliwahi kupanda ghafla mwaka 2010 na 2011. Kila bei hiyo inapotikisika, maabara hurudi tena kwenye rota ya chuma kitupu, na kazi ya kwanza wanayoikuta mezani ni ileile: jinsi ya kuiachilia pete ya stata bila kuifanya ilie.